Kukabidhi na kupokea godoro, kitanda na loka za dakhalia: mwongozo wa fidia isiyomwonea mwanafunzi

Nasimamia dakhalia ya wasichana hapa Pemba. Muhula mmoja nilimtoza mwanafunzi fidia ya godoro lililoungua kwa pasi. Mama yake akanipigia simu na kuniuliza: "Bi mkubwa, ulipomkabidhi mwanangu uliandika godoro lina hali gani?" Nikafungua daftari. Nilikuwa nimeandika "zima", na magodoro yote ya chumba kile nimeyaandikia "zima". Sikuwa na ushahidi wowote, pesa nikazirejesha. Utaratibu ninaofuata leo ulianzia kwenye simu ile.

Hatua ya 1: Kila kitu kiwe na namba yake. Kitanda cha dabo deka kinalaliwa na wawili, basi namba ziwe mbili: A7 juu na A7 chini. Kwenye chuma andika kwa rangi. Kwenye godoro usiandike juu ya kitambaa, maana foronya yake huvuliwa ikafuliwa, au watoto wakabadilishana usiku mmoja tu. Fungua zipu uandike kwa makapeni kwenye sponji yenyewe, pembeni.

Hatua ya 2: Andika unachokiona. Neno "zima" au "bovu" halisaidii kitu. Andika hivi: "Godoro A7 chini, inchi 4, foronya imechanika kwenye mshono kiasi cha kiganja, sponji haina tundu." Loka: mlango unafunga au haufungi, komeo limenyooka au limepinda. Chandarua kinyooshe mbele ya mwanga uhesabu matundu. Shuka na mto tusizotoa sisi siziorodheshi.

Hatua ya 3: Usichukue saini siku ile ile. Siku ya kufungua skuli mtoto amechoka na safari, mzazi anawahi gari, na watu wamejazana mlangoni. Mpe karatasi yake, akae nayo siku tatu. Akishalala atajua ubao gani umelegea na ngazi ipi inacheza. Anachokuja kukisema mkakihakiki pamoja, kiongeze, ndipo mtie saini nyote wawili.

Hatua ya 4: Kagua mwanafunzi akiwepo. Wanaokwenda Unguja huondoka mapema kuwahi boti, kwa hiyo vitanda na loka navikagua siku mbili kabla ya kufunga, na godoro na chandarua asubuhi ya kuondoka. Ukikagua chumba kitupu, hutajua nani alimwachia nani godoro lake.

Hapa ndipo panapotaka jicho. Kwetu hewa ya bahari inakula chuma, hasa vitanda vilivyo karibu na madirisha. Ngazi ikikatika, tazama pale ilipokatikia: ukikuta kutu ya kahawia imeingia hadi ndani, imeoza yenyewe na mtoto hadaiwi. Ukikuta chuma kinang'aa na kimepinda kabla ya kukatika, kimelazimishwa. Godoro lenye vidoadoa vyeusi upande wa chini limepata ukungu wa masika kwa kukosa hewa, na sponji iliyobonyea katikati imechoka kwa kulaliwa. Yote mawili ni uchakavu. Mshono ulioachia nao ni uchakavu, lakini kitambaa kilichokatika kwa mstari ulionyooka kimepita wembe au kisu. Doa la mkojo silitangazi mbele ya wenzake. Naandika na kuzungumza naye pembeni.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya thamani iliyobaki. Kumtoza mtoto bei ya godoro jipya kwa godoro kuukuu ni dhuluma. Chukua mfano: godoro lilinunuliwa kwa shilingi 60,000 na tumelipangia miaka minne, yaani mihula 8. Limetumika mihula 3, limebakiwa na 5. Gawa 60,000 kwa 8, unapata 7,500 kwa muhula. Zidisha kwa 5, thamani yake ni 37,500. Sasa muulize fundi. Akisema kukata sehemu iliyoungua, kutia kiraka na kushona foronya mpya ni 15,000, mwanafunzi analipa 15,000. Fundi akisema halitengenezeki, analipa 37,500. Siku zote chukua kiasi kilicho kidogo.

Kama aliyeharibu hajulikani, mimi sigawi deni kwa chumba kizima. Wasio na hatia watalipa, na muhula ujao hakuna atakayekuja kukwambia ukweli.

Hatua ya 6: Funga hesabu ya kitu chenyewe. Malipo yaende kwa mhasibu na stakabadhi itoke. Msimamizi asishike pesa. Kisha rudi kwenye daftari, mbele ya namba ya godoro uandike tundu lilipo, limetengenezwa lini na limeshalipiwa. Godoro lililolipiwa 37,500 likabaki linatumika kwa sababu jipya halijaja, thamani yake iandike sifuri, ili binti atakayelalia muhula ujao asije akadaiwa tundu lile lile.