Kufunga paneli nyembamba ya sola kwenye paa la boti bila kuiunguza

Mfano nitakaoutumia ni boti ya faiba inayovua usiku: taa mbili za wati 5 na kifaa cha kutafutia samaki cha wati 10. Kwa saa kumi hiyo ni wati-saa 200. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 50, ina wati-saa 600, na haifai kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo inatosha. Paneli ni ya wati 100.

1. Pahali. Kivuli cha mlingoti au kamba kisipite juu yake. Msitari mmoja tu wa kivuli hupunguza umeme mwingi kuliko unavyodhani.

2. Nafasi ya hewa. Hapa usiharakishe. Wengi huipaka gundi mgongo mzima na kuilaza juu ya faiba. Inapendeza, lakini joto la upande wa chini wa paneli halina pa kutokea, na mchana paneli hufika nyuzi 75 kirahisi. Volti zake za kazi, ambazo ni kama 18 ikiwa na nyuzi 25, hushuka hadi kwenye 14 na nusu hivi. Toa zinazopotelea kwenye waya, na betri inayotaka 14.4 ili ijae haitajaa. Ndipo nahodha anapolalama, "Fundi, jua lote hili na betri haishibi!"

Dawa yake ni shiti ya polikaboneti yenye mifereji ndani, unene wa milimita 10. Igundishe kwenye paa, kisha paneli juu yake. Mifereji ielekee mbele na nyuma ya boti, na ncha zake zibaki wazi hewa ipite. Usizizibe kwa silikoni, hata kama zinaonekana vibaya. Gundi iwe ya polyurethani, kwa mistari inayofuata mifereji, na kingo za mbele zishikwe barabara: upepo ukiinua paneli ikawa inapigapiga, seli hupasuka nyufa usizoziona kwa macho. Matundu ya kufungia yaliyo pembeni mwa paneli pekee hayatoshi kuishika.

Kujua kama joto ndilo linalokusumbua, chomoa paneli saa sita mchana na upime volti zake kwa mita. Mwagia maji baridi kidogo kidogo. Zikipanda kutoka 19 kuelekea 21, tatizo ni joto. Zisipobadilika, kagua viungio kwanza.

3. Waya. Milimita za mraba 4, si ile nyembamba ya spika.

4. Kuunga. Betri kwenye chaji kontrola kwanza, paneli mwisho. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na chanya ya betri. Kontrola za bei ya chini mimi sizifungi, kwani hukosea volti za kujaza. Betri usiiweke kwenye sanduku la injini: joto la pale huiua mapema, na ikichaji hutoa gesi inayowaka.