Namna ya kupata miadi ya kuonana nami kila Alhamisi

Wazazi, walezi na wanafunzi wa Kidato cha Pili B, habari za kazi. Kuanzia wiki hii nitaonana na wazazi kila Alhamisi, saa 8:30 hadi saa 10:30 mchana, ofisi ya hisabati. Simu nyingi zitaandika 14:30. Nasisitiza kwa sababu muhula uliopita mzazi mmoja alifika saa 8:30 kwa saa ya simu, yaani mbili na nusu asubuhi, nikiwa darasani.

Kwanza, nitumie ujumbe kabla ya Jumatano saa 12 jioni. Andika jina la mtoto, jambo moja, na nani atakuja. Usiandike "maendeleo ya mtoto", maana hapo sijui niandae nini. Mzazi mmoja aliandika: "Hisabati imeshuka kutoka 61 hadi 38, tatizo ni nini?" Nikatoa karatasi zake mapema. Kosa lilikuwa lilelile karibu kila ukurasa: -3(x - 4) anaandika -3x - 12, badala ya -3x + 12. Mtoto aljebra anaijua, alama ya kutoa mbele ya mabano ndiyo inayomponza. Tulimaliza kwa dakika 11.

Pili, subiri nikujibu na saa yako. Nafasi ni sita tu, kila baada ya dakika 20. Kumi na tano ni za mazungumzo. Tano zinazobaki naandika tulichokubaliana kwenye daftari, nawe unasaini. Nikiziruka hizo tano, wiki ya pili kila mtu anakumbuka lake.

Tatu, njoo na daftari la mtoto la somo husika. Bila daftari tutabaki kubahatisha.

Wanafunzi, siku yenu ni Jumanne, saa 8:30 hadi 9:30, wawili wawili, dakika 20. Jiandikisheni kwa kiranja. Njoo na swali ulilojaribu mwenyewe, hata kama umelikosea.

Maswali

*Mama Neema:* Mwalimu, mimi nafunga meza Kariakoo ndiyo nije. Foleni ikinishika?

Nitakusubiri dakika 5, mama. Dakika ulizochelewa zinatoka kwenye zako, siwezi kumkata anayefuata. Zikipita 5, anaingia wa akiba. Ila Jangwani ikifurika nipigie tu, tutapanga siku nyingine.

*Baba Juma:* Nina watoto wawili hapo B. Nipate nafasi mbili?

Ndiyo, kama bado zipo. Usiwabane wote ndani ya dakika 15. Wa pili huwa anaambulia salamu.

*Mwanafunzi:* Shikamoo mwalimu. Tukija Jumanne, wazazi wataambiwa tulichosema?

Marahaba. Maswali ya hisabati, hapana. Ukiniambia jambo linalohatarisha usalama wako, hilo sitalificha, na nitakuambia kwanza nani nitamshirikisha.

*Mama Neema:* Na ada je, tunaweza kuimalizia hapohapo?

Ada ni kwa mhasibu, mama. Mimi sishiki hela.