Gauni moja, ofisini hadi sendofu: ya kupanga usiku uliotangulia

Gauni langu la bluu iliyokoza halina ua wala kifungo. Shingo yake ni ya duara, mikono inaishia kwenye viwiko. Asubuhi nalivaa kwenda kazini Posta, jioni naingia nalo ukumbini kwenye sendofu bila kupita nyumbani. Yote nayapanga usiku wa kuamkia siku hiyo, gauni likiwa mwilini na taa imewashwa.

Anza na shingo ya gauni, maana ndiyo inayochagua kidani. Shingo ya duara iliyo karibu na koo haipatani na mkufu wa sentimita 40 au 45. Utaangukia palepale penye pindo, nusu kwenye ngozi, nusu kwenye kitambaa, na kila ukigeuka unapinda. Chukua mrefu wa sentimita 70 hivi unaoshuka kifuani, au uache shingo wazi na uhamishie mng'ao masikioni. Mimi nachagua masikio. Ukumbini watu wanakutazama usoni, na hereni ndefu inayocheza inashika mwanga kila unapogeuza kichwa. Kazini zinatosha zile ndogo za kubana.

Sasa mtandio. Wa pamba niliofunga shingoni mchana unabaki kwenye mkoba, jioni natoa wa hariri ya rangi ya dhahabu na kuutupia bega moja. Nalitaka bega la upande mmoja tu kwa sababu mtandio ukizunguka shingo nzima, hereni ndefu zinaunasa. Shifoni ndiyo mbaya zaidi. Jaribu nyumbani: funika kiganja kwa mtandio, kisha upitishe hereni juu yake polepole. Ikivuta hata uzi mmoja, badilisha hereni. Anayevaa ushungi hana haja ya hereni kabisa. Kwake mng'ao uende kwenye mikono, bangili tatu nne za kuvaliwa jioni, kwa kuwa mchana zinagongagonga meza unapoandika.

Mtandio wa hariri huteleza, kwa hiyo unataka bruchi. Usiichomeke katikati ya kitambaa cha gauni, uzito wake utakivuta na kuacha tundu. Ichomeke kwenye mshono wa begani, ambako kitambaa kimekunjwa na kina nguvu.

Kama vito vyako ni vya kuchovya, joto la Dar lina lake. Jasho na manukato hula ule mchovyo, na shaba iliyo chini huacha alama ya kijani shingoni. Jifute kwanza, jipulizie manukato, subiri yakauke, ndipo uvae vito.

Kwenye mkoba, viringisha mtandio badala ya kuukunja, usije ukatoka na mistari. Mkufu mwembamba upitishe ndani ya mrija wa soda kisha ufunge kishikizo chake. Hautajisokota, na hutasimama msalani saa kumi na moja na nusu ukifungua mafundo huku teksi inakusubiri nje.