Kapsheni ya mapishi yenye emoji: tuandike ya samaki wa kupaka, mstari kwa mstari

Kapsheni yangu ya kwanza ya samaki wa kupaka ilikuwa na mstari huu: “🥥🥥 tui zito”. Nilikusudia vikombe viwili. Jioni ile ile dada mmoja aliyeko Maskati akaniandikia: “Dada, tui halishiki samaki, lote linamwagikia makaani.” Kumuuliza, kumbe alifungua makopo mawili ya mililita 400. Mwingine, wa Tanga, alikuna nazi mbili na kuzikamua, akapata kikombe kimoja na nusu tu. Wote wawili walisoma nilichoandika. Aliyekosea ni mimi, na samaki wao ndio walioharibika.

Tangu siku hiyo emoji sijaipa tena kazi ya kuhesabu. Emoji inamwonyesha mpishi ni kitu gani. Kiasi kinasemwa na namba na neno. Ukishika hilo, emoji inakupa faida moja kubwa. Mtu aliyeegemeza simu kwenye kopo la sukari, mikono imejaa kitunguu saumu, anaona alama ile ile kwenye mahitaji na kwenye hatua, na anajua yuko wapi bila kusoma upya kutoka juu. Tutaiandika kapsheni ya samaki wa kupaka wa makaa mpaka iwe tayari kuwekwa Instagram.

Hatua ya 1: Andika mapishi bila emoji hata moja

Andika kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu ndani ya simu, usianzie Instagram kwenyewe. Ukiguswa kidogo tu unaweza kupoteza kila kitu, na mistari ni rahisi zaidi kuipanga huku. Andika mahitaji yote na vipimo vyake, kisha hatua zote. Emoji ukiziweka mapema zinakudanganya: ukiona 🥥 unahisi tui umeshaliandika, kumbe hujasema ni zito au jepesi.

Yangu ilikuwa hivi: changu mzima wa kilo 1, kitunguu saumu punje 5, tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbichi 2, ndimu 2, tui zito vikombe 2, nyanya 2, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi vijiko 2 vya chai. Kikombe changu ni cha mililita 250, na hilo nalo ninaliandika, kwa sababu vikombe vya nyumbani havilingani.

Hatua ya 2: Chagua emoji moja kwa kila kitu

Hapa ndipo penye kazi. Samaki, tui, nyanya na chumvi hazisumbui: 🐟 🥥 🍅 🧂. Kitunguu saumu kina 🧄, iliyoingia mwaka 2019 pamoja na kitunguu maji 🧅, kwa hiyo simu nyingi zinazo.

Ndimu ndiyo iliyonifundisha. Sisi wa pwani tunatofautisha ndimu na limau, na 🍋 ni limau. Emoji ya ndimu ya kijani ilikuja mwaka 2023: 🍋‍🟩. Nilifurahi nikaitumia. Kisha nikafungua kapsheni kwenye simu ya zamani ya mama yangu, nikaona limau na pembeni yake kisanduku cha kijani. Sababu ni kwamba emoji hiyo si picha moja. Ni limau na mraba wa kijani vilivyogandishwa kwa alama isiyoonekana, na simu isiyoijua gundi hiyo inavionyesha kimoja kimoja. Msomaji anabaki kujiuliza kile kisanduku ni nini. Basi nimerudi kwenye 🍋 na pembeni naandika “ndimu”. Neno ndilo linalobeba maana, emoji inabaki alama ya kumrudisha jicho.

Tangawizi ni mbaya zaidi. Emoji yake, 🫚, ilipitishwa mwaka 2022, na simu ambayo haijapata toleo jipya inaonyesha kisanduku kitupu. Mimi siitumii. Kwa vile saumu na tangawizi ninavitwanga pamoja kwenye kinu, ninaviweka mstari mmoja chini ya 🧄, na kwenye hatua 🧄 inamaanisha mtwango wote.

Bizari haina emoji. Ukwaju hauna, iliki haina, muhogo hauna. Usikimbilie kitu kinachofanana kidogo. Niliwahi kuona 🌻 imewekwa kwa bizari, na watu wakauliza kama ni mafuta ya alizeti. Kwa bizari ya manjano ninaweka 🟡, rangi yake inatosha kuitambulisha mradi jina lipo. Kama ukwaju ungekuwemo ningeuacha na neno lake peke yake. Mstari usio na emoji hauna ubaya wowote.

Pilipili nayo ina mtego wake. Watu wamezoea 🌶️🌶️🌶️ kuonyesha ukali, kama kwenye menyu za hoteli. Ukiiweka hivyo kwenye mahitaji, kuna atakayetia pilipili tatu. Iwe moja, na ukali uuseme kwa maneno.

Na kama siku moja utaandika mapishi ya biringanya, ujue 🍆 mitandaoni ina maana nyingine ya aibu. Mwaka 2015 Instagram iliizuia isitafutwe kama hashtagi. Andika “biringanya” na uiache ile picha.

Hatua ya 3: Panga mahitaji

Emoji mwanzoni, kisha jina, kisha kiasi, na mwisho kitu kinavyotayarishwa. Kitu kimoja mstari mmoja. Kijiko kisionyeshwe kwa 🥄, maana haisemi kama ni cha chai au cha chakula, na kwa chumvi tofauti hiyo ni mara tatu.

🐟 Changu mzima, kilo 1, apaliwe na achanjwe mara tatu kila upande
🧄 Kitunguu saumu punje 5 na tangawizi ya kidole gumba, vitwangwe pamoja
🌶️ Pilipili mbichi 2, zitwangwe
🍋 Ndimu 2
🥥 Tui zito vikombe 2 (mililita 500)
🍅 Nyanya 2, zisagwe
🟡 Bizari ya manjano, nusu kijiko cha chai
🧂 Chumvi vijiko 2 vya chai

Hatua ya 4: Panga hatua za kupika

Namba ninatumia 1️⃣ 2️⃣ 3️⃣. Zinaishia 🔟, ukifika kumi na moja itabidi ubandike mbili, na inasomeka vibaya. Samaki huyu anamalizika kwa hatua tano.

Emoji usizitie katikati ya sentensi. “Mpake 🐟 kwa 🧄 na 🍋” inamlazimu mtu atafsiri picha huku anasoma. Andika sentensi nzima kwa maneno, kisha mwisho wake ziweke emoji za vitu vinavyotumika hapo. Baada yake ninaongeza alama tatu tu za kazi: ⏲️ kwa kusubiri, 🔥 kwa kitu kilichoko motoni, na ⚠️ mahali ambapo chakula huharibika. ⚠️ ninaiweka mara moja kwa kapsheni. Ikiwa tatu, hakuna anayeitazama.

1️⃣ Mpake samaki mtwango wa saumu na tangawizi, nusu ya pilipili, ndimu 1 na chumvi kijiko 1. Mwache dakika 30. 🐟🧄🌶️🍋🧂 ⏲️
2️⃣ Bandika tui, nyanya, bizari, pilipili na chumvi iliyobaki. Moto mdogo, koroga bila kuacha kama dakika 15, mpaka lishike mgongo wa mwiko. Likichemka kwa nguvu litakatika. 🥥🍅🟡🌶️🧂 🔥 ⚠️
3️⃣ Epua, ndipo ukamulie ndimu ya pili. 🍋
4️⃣ Choma samaki kwenye makaa yaliyotulia, yasiyo na ndimi za moto, dakika 8 kila upande. 🐟 🔥
5️⃣ Mpake tui, geuza, mpake tena, mara tatu kila upande mpaka likaukie juu yake. Linalobaki mmiminie sahanini. 🥥🐟 🔥

Hatua ya 5: Fuatilia kila emoji

Chukua emoji ya kwanza ya mahitaji, uitafute kwenye hatua. Kisha ya pili, mpaka mwisho. Isiyoonekana chini umeisahau, na inayoonekana mara mbili inakudai swali: imegawanywa vipi?

Kapsheni hii ilinikamata hapo hapo. 🍋 ilitokea hatua ya 1 na ya 3, na rasimu yangu ilisema “mtie ndimu” bila kusema ngapi. Mpishi angemaliza zote mbili kwenye samaki, tui likabaki bila uchachu. Vivyo hivyo 🌶️ na 🧂. Ndiyo maana sasa utaona “ndimu 1”, “nusu ya pilipili”, “chumvi iliyobaki”. Bila emoji ningelazimika kusoma mstari kwa mstari kuigundua. Kwa emoji jicho liliona limau mbili za njano.

Hatua ya 6: Mstari wa kwanza

Instagram inakata kapsheni baada ya mistari kama miwili, na inayobaki inajificha mpaka mtu aguse. Kapsheni nzima isizidi herufi 2,200, nafasi na emoji zikiwemo. Hii yetu haifiki hapo. Mstari wa juu ubebe jina, idadi ya watu na muda:

🐟🥥 Samaki wa kupaka wa makaa. Watu 4, saa 1 na nusu.

Usianze na safu ya 😍🔥😋. Hapo 🔥 inasema “tamu kupita kiasi”, na chini unataka iseme “motoni”. Chagua moja.

Hatua ya 7: Isikilize, kisha itume kwenye simu ya zamani

Washa TalkBack kwenye Android, au VoiceOver kwenye iPhone, uiache ikusomee. Wasioona wanapika, na simu zao hutamka jina la kila emoji. Ukiweka 🥥🥥🥥🥥 kama pambo, atasikia nazi mara nne kabla ya kufika kwenye neno lenye maana. Emoji zilizoko mwisho wa hatua hazimkatizi, kwani sentensi imeshakamilika.

Halafu jitumie kapsheni kwa barua pepe, uifungue kwenye simu yoyote ya zamani iliyoko nyumbani. Ukiona kisanduku kitupu, badilisha emoji hiyo au iondoe.

Ukishaiweka, maswali yatakuja. Mtu akiuliza “tui la kopo au la kukamua?”, mjibu, kisha urudi kwenye kapsheni, uguse ile sehemu ya kuhariri na uongeze jibu kwenye mstari wa 🥥. Wangu sasa unasomeka: “🥥 Tui zito vikombe 2 (mililita 500), la kukamua au la kopo, la kopo lipime, usimimine lote.”