Kujiuzulu ukurugenzi wa kampuni Kenya: barua iandikwe vipi, tarehe iwe gani, na ritani na madeni yasemwe wapi

Shemeji yangu alikuwa mkurugenzi wa kampuni ndogo ya usafirishaji hapa Mombasa, wakurugenzi wawili tu, yeye na mwenzake. Oktoba 2024 aliandika barua ya kujiuzulu, akampa mwenzake mkononi, wakasalimiana, akaenda kutafuta riziki kwingine. Mei 2025 akaenda benki kuomba mkopo wake mwenyewe, benki ikatoa CR12 ya ile kampuni, ile karatasi ya Msajili wa Kampuni inayoorodhesha wakurugenzi, na jina lake bado liko pale pale. Akanipigia simu analia. Mimi kazi yangu ni kujazia kampuni ndogo ndogo makaratasi yao, nikamwambia niletee hiyo barua kwanza tuisome. Shida yote ilikuwa ndani ya sentensi moja, nitaifikia kwenye hatua ya 3. Naandika kwa sheria ya Kenya, ile Sheria ya Kampuni ya 2015, kwa kampuni ya binafsi.

Hatua ya 1: Toa CR12 mpya na usome katiba ya kampuni

CR12 unaitoa eCitizen upande wa BRS, ofisi ya serikali inayosajili kampuni. Angalia mko wakurugenzi wangapi na anwani rasmi ya kampuni ni ipi, maana barua itaenda hapo. Kama uko peke yako huwezi kutoka ukaacha kiti kitupu, sheria inataka angalau mkurugenzi mmoja ambaye ni binadamu, si kampuni nyingine. Ingiza mtu kwanza ndiyo utoke.

Kwenye katiba tafuta kifungu cha mkurugenzi kuacha kazi. Kuna zingine zinadai notisi ya siku kadhaa.

Hatua ya 2: Tenganisha kofia zako

Mkurugenzi, mwenye hisa, mwajiriwa, mdhamini wa mkopo, hizo ni kofia nne tofauti na barua ya kujiuzulu inavua moja tu. Hisa zako zinabaki zako. Kama una mkataba wa kazi na unalipwa kwa mwezi, hiyo ni notisi nyingine kabisa, siku 28 au zaidi kama mkataba umesema zaidi. Usichanganye kwenye barua moja, ukichanganya hutajua tarehe gani ni ya nini.

Hatua ya 3: Tarehe

Hapa ndipo tulipoteza wiki nzima na shemeji, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Barua yake ya Oktoba ilisema hivi: "naomba kujiuzulu nafasi yangu ya ukurugenzi pindi atakapopatikana mtu wa kuchukua nafasi yangu". Unaona ni maneno ya heshima, ya mtu mwenye adabu. Lakini katiba ya kampuni yao ilikuwa ile ya mfano inayokuja na kanuni za sheria, na hiyo inamruhusu mkurugenzi kujiuzulu kwa notisi ya maandishi, na notisi inasomwa kwa masharti yake yenyewe. Masharti yake yeye yalikuwa mtu mwingine apatikane. Mtu hakupatikana, mwenzake hata hakutafuta, kwa hivyo miezi yote ile saba alikuwa bado mkurugenzi, na si kwa sababu mwenzake alikataa kupeleka fomu, ni kwa sababu barua yenyewe ilimfunga.

Kutokana na hilo mimi nina sheria zangu za tarehe na sizibadilishi kwa mtu yeyote.

Usiandike "naomba". Andika "najiuzulu". Kujiuzulu chini ya ile katiba ya mfano hakungoji kukubaliwa na mtu, ukiandika naomba umempa mwenzako nafasi ya kusema hatujakubali.

Andika siku, mwezi na mwaka. Si "mara moja", si "mwisho wa mwezi", si "baada ya kukabidhi". Na usirudishe tarehe nyuma hata kidogo. Kampuni haiwezi kuwa ilipokea Januari barua uliyoandika Mei, na siku mambo yakifika kortini barua yenye tarehe ya uongo inakuharibia hata yale ya kweli uliyosema.

Tarehe ya kuanza iwe baada ya siku ya kupokelewa, na mimi napenda iangukie baada ya tarehe 20 ya mwezi. Sababu ni hii: PAYE ya mwezi uliopita inaisha tarehe 9 na VAT inaisha tarehe 20, kwa hivyo ukitoka tarehe 21 kwenda mbele unaweza kuangalia iTax ukaona zimeingia na ukabeba risiti zake. Watu wengi wanapenda tarehe ya mwisho wa mwezi kwa sababu inapendeza machoni, lakini ukitoka tarehe 31 ritani za mwezi huo mzima uliokuwa mkurugenzi zinajazwa wewe ukiwa umeshaondoka, na huna lojini tena ya kuangalia.

Kwa shemeji tulifanya hivi. Barua mpya ilipokelewa Jumanne tarehe 3 Juni 2025, kuanza kufanya kazi Jumatatu tarehe 23 Juni 2025. PAYE ya Mei ikaingia tarehe 9, VAT tarehe 20, risiti zote tukazichapisha. Halafu kampuni ina siku 14 tangu mabadiliko kumjulisha Msajili kwa fomu CR9, ile ya kusema mkurugenzi ameondoka, kwa hivyo mwisho wao ulikuwa tarehe 7 Julai, nayo tukaiandika ndani ya barua ili mtu asije kusema hakujua.

Na tarehe ikishafika, acha. Usisaini hundi, usiidhinishe malipo kwenye simu, usimjibu mteja kama bosi. Sheria inamtambua mkurugenzi kwa kazi anayoifanya hata kama cheo anaitwa kingine, kwa hivyo ukiendelea kusaini umejirudisha mwenyewe.

Hatua ya 4: Ritani, taja kila moja kwa jina

Usiandike "ritani zote ziko sawa". Hujui kama ziko sawa. Andika kilichowasilishwa na kilichobaki, kwa miezi. Kwa shemeji kulikuwa na mtego hapa: kampuni inafunga mwaka tarehe 31 Desemba, na ritani ya kodi ya mapato ya kampuni inatakiwa ndani ya miezi sita, maana yake ya 2024 mwisho wake ni tarehe 30 Juni 2025, wiki moja baada ya yeye kutoka. Angenyamaza ingeonekana aliiacha makusudi. Tukaitaja. Pia tukagundua ritani ya mwaka ya BRS, hii ni tofauti na ya KRA jamani, haikuwa imepelekwa, nayo tukaitaja hivyo hivyo bila kuficha.

Hatua ya 5: Madeni

Zile templeti za mtandaoni zina sentensi mbili ambazo mimi nazifuta kila mara. Ya kwanza ni "kuanzia leo sihusiki na deni lolote la kampuni". Haisaidii. Yale uliyoyafanya ukiwa mkurugenzi yanabaki nawe, na sheria inafuta hata makubaliano ya kampuni kumwachilia mkurugenzi kwa uzembe au kuvunja wajibu wake. Kwa kodi ni vivyo hivyo, Sheria ya Taratibu za Kodi inaangalia nani alikuwa mkurugenzi wakati ule mpango wa kuifanya kampuni ishindwe kulipa kodi ulipofanywa. Badala yake taja hali ilivyo siku hiyo: madeni unayoyajua, kiasi, na tarehe.

Ya pili ni hatari zaidi, "sina dai lolote dhidi ya kampuni". Shemeji alikuwa ameikopesha kampuni 180,000 ya matengenezo ya lori, iko kwenye vitabu. Ile barua ya Oktoba ilikuwa na hii sentensi! Kwa bahati vitabu vya Desemba 2024, ambavyo mwenzake alisaini, bado vilionyesha kampuni inadaiwa hizo pesa, na barua mpya ikalitaja deni wazi.

Dhamana ya benki haiishi kwa kujiuzulu. Kama ulisaini binafsi kudhamini mkopo wa kampuni, iandikie benki barua ya peke yake uombe kuachiliwa, na mpaka wakupe maandishi bado umo. Benki mara nyingi watataka mdhamini mwingine kwanza.

Hatua ya 6: Barua yenyewe

Hii ndiyo tuliyoitumia, nimeondoa majina. Ukipenda iweke kwa Kiingereza, maana ni ile ile. Ukurasa mmoja unatosha, na usieleze kwa nini unaondoka, magomvi hayana kazi humu.

> Kwa Bodi ya Wakurugenzi, (jina la kampuni, namba ya usajili, anwani rasmi).
>
> Najiuzulu ukurugenzi wa kampuni kuanzia tarehe 23 Juni 2025. Baada ya tarehe hiyo sitasaini wala kuidhinisha jambo lolote kwa niaba ya kampuni, na naomba niondolewe kwenye saini za benki siku hiyo hiyo.
>
> Kampuni iwasilishe fomu CR9 kwa Msajili kufikia tarehe 7 Julai 2025, irekebishe daftari la wakurugenzi, na iniondoe kwenye taarifa za PIN ya kampuni. Naomba nakala ya CR12 mpya.
>
> Kwa ninavyojua, hadi tarehe ya barua hii PAYE na VAT zimewasilishwa hadi Aprili 2025. Za Mei zinatakiwa tarehe 9 na 20 Juni, nitashirikiana kuziwasilisha. Hazijawasilishwa: ritani ya kodi ya mapato ya 2024, mwisho tarehe 30 Juni 2025, na ritani ya mwaka ya Msajili. Hizi ni wajibu wa kampuni, nami nitatoa nyaraka nilizonazo.
>
> Madeni ninayoyajua yako kwenye orodha iliyoambatishwa. Kampuni hainidai chochote. Mimi naidai kampuni shilingi 180,000 nilizoikopesha, na kujiuzulu huku hakulifuti deni hilo. Hisa zangu zinabaki kama zilivyo.

Hatua ya 7: Kupeleka na kufuatilia

Nakala ngumu kwenye anwani rasmi, upate mhuri au saini na tarehe ya kupokea, halafu imeili siku hiyo hiyo kwa wakurugenzi wote na katibu kama yupo. WhatsApp peke yake mimi siikubali.

Kama kampuni imeunganishwa na akaunti yako ya eCitizen, usiikabidhi kabla CR9 haijaingia. Andaa barua na kumbukumbu za kikao cha bodi, na tarehe kwenye CR9 iwe ile ile ya barua, ikipishana hata siku moja wanakurudishia. iTax hakikisha imeili ya kampuni si yako tena, la sivyo OTP na notisi zitaendelea kuja kwako.

Mwenzako akigoma na siku 14 zikapita, mwandikie Msajili mwenyewe, ambatisha barua na ushahidi wa kupokelewa, uombe iwekwe kwenye faili ya kampuni. Jina linaweza kubaki kwenye CR12 kwa muda lakini una karatasi inayoonyesha ulitoka lini. Kwa shemeji haikufika huko, CR12 mpya ilitoka Julai bila jina lake, akaichukua akarudi nayo benki.