Mtungi wa kuzimia moto: vuta, lenga, minya, fagia (na usisogee karibu kama mimi nilivyofanya)

Wakuu, nina gereji ndogo ya pikipiki. Siku moja dogo alikuwa anaosha kabureta kwenye beseni la petroli, mwenzake pembeni akajaribu cheche za plagi, ikawaka. Mtungi tunao, wa unga kilo 6, nikaukimbilia nikauvuta pini nikausogeza mpaka nusu mita na beseni nikaminya. Presha ya unga ikalipiga lile beseni, petroli ikarushwa nje ikiwa inawaka na moto ukakimbilia chini ya pikipiki ya mteja. Yani nimeuongeza mimi mwenyewe.

Sasa twende polepole.

Kabla ya yote, simama moto ukiwa mbele yako na mlango nyuma yako. Kama uko nje simama upande unaotokea upepo, la sivyo unga na moshi vinakurudia usoni. Na huo moto uwe bado mdogo, kama beseni au ndoo ya taka. Ukishashika dari au moshi umekujaa kifuani achana nao, toka, pigia zimamoto (Tanzania ni 114).

Vuta. Pini imefungwa na sili ya plastiki, izungushe kidogo sili ikatike halafu vuta. Hapa watu wengi wanakwama, wanashika zile hendeli mbili kwa pamoja na kwa sababu ya kiwewe wanazibana, ukizibana pini inashikwa haitoki hata uvute na meno. Weka mtungi chini au shika hendeli ya chini peke yake, itatoka laini.

Lenga. Shika mpira mwishoni kabisa maana ukiminya unatikisika. Lenga kwenye kitako cha moto, pale kinapoungua kitu chenyewe. Ukipiga juu kwenye ndimi, unga unapita tu unaenda ukutani.

Umbali wa kuanzia ni mita 2 mpaka 3, yani hatua tatu kubwa. Unga unafika vizuri tu kutoka hapo.

Minya. Bana hendeli zote mbili kwa nguvu moja, usiachie achie. Kilo 6 inaisha kama sekunde 15 hadi 20 tu, ule wa kilo 1 wa kwenye gari hata sekunde 10 haufiki, kwa hiyo usiminye ukiwa bado unatembea kuufuata moto.

Fagia. Peleka kulia kushoto, kupita kidogo kingo za moto pande zote. Kwa petroli iliyomwagika anzia ukingo ulio karibu na wewe, usukume moto kwenda mbele, ukiona unarudi nyuma ndo unasogea hatua moja.

Mimi nilirudi mpaka mlangoni nikafagia hivyo, ukazimika. Nikageuka kumwita dogo, nyuma yangu pwaa, umewaka tena! Unga hauupoozi moto, ekzosi ilikuwa bado ya moto na mvuke wa petroli upo. Bahati mtungi ulikuwa na kiasi kimebaki. Kwa hiyo ukizima rudi nyuma huku unautazama, usiupe mgongo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, geji yangu iko kwenye kijani ila mtungi una miaka minne haujaguswa, si uko poa?*
Geji inakwambia presha tu. Unga ukikaa muda mrefu unagandamana chini, hasa ukiwa kwenye gari, unaminya inatoka hewa tupu. Mafundi wa mitungi waukague kila mwaka na kuubandika stika.

*Mimi nauza chipsi, karai likiwaka nitumie huo huo?*
Zima jiko kwanza ukiweza kulifikia, funika na sinia la bati au mfuniko, acha lipoe bila kufunua. Maji usithubutu kabisa, yanalipua mafuta. Huo wa unga uwe wa mwisho na upige kwa mbali, ukisogea presha inarusha mafuta kama beseni langu, na hata yakizimika yanaweza kuwaka tena kwa joto lake.

*Watoto walichezea wakaminya kidogo tu, nirudishe pini?*
Rudisha pini ila upeleke ukajazwe. Unga unabaki kwenye valvu haifungi vizuri, presha inavuja taratibu, baada ya siku kadhaa geji iko kwenye nyekundu.

*Na gari likifuka moshi kwenye boneti?*
Zima injini, watu wote washuke. Usifungue boneti wazi, hewa ikiingia moto unalipuka usoni. Fyatua loki tu ibaki mwanya, pitisha mpira hapo, minya. Kama boneti lenyewe limeshakuwa jekundu au rangi inabubujika, usilishike.

*Mtungi wa gesi unatoa moto kwenye regyuleta?*
Funga valvu kama mkono unafika, hata kwa kitambaa kilicholowa. Kama haifiki usiuzime ule moto, gesi itaendelea kutoka bila kuwaka ijae chumba kizima ikitafuta cheche nyingine. Toa watu, piga 114.

*Mimi niliuweka nyuma ya friji jikoni ili usionekane*
Hahaha, sasa friji likiwaka? Uhamishie karibu na mlango.