Somo: Barua ya kudai dipoziti, makato yakijibiwa moja baada ya jingine

Tuchukue nyumba ya chumba kimoja Nairobi, kodi 25,000 na dipoziti 25,000, mpangaji amekaa miaka mitatu. Baada ya kuhama anaandikiwa kwamba atarudishiwa 5,750 tu, kwa kuwa kumekatwa rangi 12,000, kitasa 4,500, kioo cha dirisha 1,800 na maji 950.

Kwanza, kusanya ushahidi kabla ya kuandika neno lolote: mkataba, ujumbe wa M-Pesa wa siku ulipolipa dipoziti, notisi ya kuhama, picha za nyumba ikiwa tupu, na picha ya mita ya maji. Mita ndiyo husahaulika zaidi, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Pili, anza barua kwa mambo yasiyobishaniwa: ulilipa kiasi gani, lini, uliingia na kutoka lini, na funguo ulimkabidhi nani. Mwandikie aliyetajwa kwenye mkataba. Kama pesa zilipitia kwa ajenti, waandikie wote wawili.

Tatu, jibu kila kato kwa kichwa chake na kiasi chake. Barua inayosema "makato yote ni ya uonevu" hujibiwa kwa sentensi moja. Inayojibu kato kwa kato humlazimu mwenye nyumba kutoa risiti. Kwa mfano wetu:

"Rangi, 12,000: Nakataa. Rangi ilipauka kwa matumizi ya kawaida ya miaka mitatu, na picha za siku ya kutoka hazionyeshi michoro wala mashimo. Mkataba haunitaki nipake rangi nikihama.

Kitasa, 4,500: Nakataa. Nilipewa funguo mbili, nikarudisha mbili, na mwangalizi wa ploti alitia sahihi. Kitasa kilikuwa kinafanya kazi.

Kioo, 1,800: Nakubali. Kilivunjika nikiwa mpangaji. Naomba nakala ya risiti.

Maji, 950: Nakubali 450. Bili ya mwisho niliyolipa ilisoma 409, na siku ya kutoka mita ilisoma 412. Ni yuniti tatu kwa 150 kila moja."

Hapo kwenye rangi usinakili kama kasuku. Mikataba mingi ina kifungu kwamba mpangaji atapaka rangi anapoondoka. Kama wako unacho, usiseme hukuharibu. Bishania gharama: omba risiti ya rangi, idadi ya ndoo na malipo ya fundi. Vyumba vilivyopakwa ni vingapi? Wengine hutoza bila hata kupaka.

Kukubali kioo si udhaifu. Anayekubali alichovunja huaminika zaidi anapokataa kingine.

Nne, funga hesabu: 25,000 ukitoa 2,250 (1,800 na 450) ni 22,750. Taja kiasi hicho, namba ya kulipia, na siku 14 tangu barua kupokelewa. Ongeza kwamba zikipita utafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo, chini ya sheria ya 2016, husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Usiandike juu ya barua "bila kuathiri haki", ingawa sampuli nyingi huwa nayo. Maneno hayo ni ya mazungumzo ya suluhu, na barua yenye kichwa hicho inaweza kukataliwa usipotarajia, mahakamani, pale unapoihitaji.

Peleka nakala mbili kwa mkono. Moja ibaki kwao, nyingine ipigwe muhuri au itiwe sahihi na tarehe ya kupokelewa. Wakikataa kupokea, tuma barua pepe na WhatsApp siku hiyohiyo na uhifadhi picha za skrini.

Maswali ya wanachama

*Sina mkataba wa maandishi, na dipoziti nilimtumia mwangalizi. Nimepoteza?*
Hapana. Toa taarifa ya M-Pesa ya mwezi ulioingia, kisha tafuta ujumbe wowote ambamo mwenye nyumba anataja dipoziti. Hata ujumbe wake wa makato unatosha: huwezi kukata kitu ambacho hukupokea.

*Si niende kwa baraza la kodi badala ya mahakama?*
Baraza la Udhibiti wa Kodi hushughulikia nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi. Kwa 25,000 hawatakusikiza.

*Ametuma ile 5,750 na kuandika "malipo kamili". Niirudishe?*
Usirudishe. Mjibu siku hiyohiyo: "Nimepokea 5,750 kama sehemu ya deni. Limebaki 17,000." Ukikaa kimya wiki tatu, atadai ulikubali.

*Mwezi wa mwisho sikulipa kodi, nikamwambia akate kwenye dipoziti.*
Basi huna dipoziti ya kudai. Kama kodi ni sawa na dipoziti, ilishaisha hapo, na anaweza kukudai kioo juu yake.